Mkungu Mmoja wa Ndizi, Dakika 6: Namna ya Kupiga Vlogi ya Safari ya Mbeya na Tukuyu kwa Simu

Vlogi yangu ya kwanza ilikuwa ya kwenda Matema. Nilitoka Mbeya alfajiri, tulipofika Uyole nikaegesha simu dirishani na kuwasha kamera, na tulipoingia Kyela simu ikaniambia haina nafasi. Ziwa Nyasa lenyewe nililipiga baada ya kufuta picha za sendofu ya dada yangu. Niliporudi nyumbani nilikuwa na saa 3 za video, na zaidi ya saa 2 kati ya hizo ni migomba inayokimbia nyuma ya kioo chenye vumbi. Nilihariri wiki 2, nikatoa kitu cha dakika 22, na aliyekitazama mpaka mwisho ni mama peke yake.

Safari ninayoieleza hapa ni nyingine, fupi zaidi: Mbeya hadi Tukuyu na kurudi siku hiyohiyo, kilomita kama 70 kwenda. Nilirudi na dakika 19 tu za video, nikatoa vlogi ya dakika 6, na nilitumia kama shilingi 25,000, ambazo karibu nusu yake ni ndizi, na ndizi tulizila. Nitaifuata safari hiyo hatua kwa hatua, kwa sababu kazi karibu yote ilifanyika kabla sijapanda gari.

Tafuta kazi, usitafute mahali

"Nakutembeza Tukuyu" si hadithi. Hakuna anayejua lini imeisha, hata wewe mwenyewe, ndiyo maana unaishia kupiga kila kitu. Mahali panageuka hadithi pale unapokwenda na kazi ya kufanya, kazi yenye mwisho unaoonekana na ambayo inaweza kushindikana.

Kazi yangu ilitoka jikoni. Mama alikuwa na wageni Jumamosi, naye ni Mnyakyusa wa kuzaliwa. Akasema hatapika mbalaga kwa ndizi za Mwanjelwa zilizokwisha kulala siku 3 sokoni. Anataka za Tukuyu, zilizokatwa leo. Wageni wanafika saa 11 jioni. Hapo nilikuwa na kila kitu: mtu anayetaka kitu, kitu chenyewe, na saa inayokimbia. Swali la vlogi likawa moja: mkungu utafika kabla ya wageni?

Jipime hivi. Andika swali lako, halafu jiulize kama jibu linaweza kuwa "hapana". Kama haliwezi, tafuta lingine. Ukiwa Iringa, kwa mfano, usitangaze kwamba unatuonyesha mji. Sema unashuka basi la usiku pale stendi ya Igumbilo na unataka kuwa juu ya jiwe la Gangilonga kabla jua halijachomoza. Huenda ukachelewa, na hilo ndilo litakalonifanya nikae nione. Mji nitauona njiani, bila wewe kuniambia kwamba huu ni mji.

Andika sentensi 6, kisha winda "halafu"

Kabla ya kulala siku ya Ijumaa niliandika safari nzima kwenye karatasi. Rasimu ya kwanza ilisomeka hivi: nimeamka, halafu nikaenda stendi, halafu nikapanda kosta, halafu nikafika Tukuyu, halafu nikanunua ndizi, halafu nikarudi. Ukisoma kwa sauti utasikia inavyosinzisha. Kila "halafu" ni mahali ambapo tukio moja halikusababisha lingine, na ndipo mtazamaji anapofunga.

Nikaiandika upya kwa kujilazimisha kuunganisha kwa "lakini" na "kwa hiyo":

1. Mama ana wageni saa 11, na anakataa ndizi za Mwanjelwa.
2. Kwa hiyo nawahi kosta ya Tukuyu.
3. Lakini sijui kuchagua ndizi za kupika, na muuzaji ataniona tu.
4. Kwa hiyo naomba nifundishwe.
5. Lakini mchana mvua inashuka, na mkungu ni mzigo usiopendwa kwenye kosta.
6. Kwa hiyo... (hapa niliacha wazi.)

Sentensi ya 3 na ya 5 ni makisio, na si ya kubahatisha sana. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na aliyewahi kupanda gari na mkungu anamjua konda. Ukikisia kikwazo mapema, kikitokea unakuwa tayari na simu mkononi badala ya kuikumbuka baadaye. Kisipotokea, kingine kitatokea, nawe utajua kinakaa kwenye sentensi ipi.

Ya mwisho usiiandike kabla ya kusafiri. Niliwahi kuiandika mapema kwenye vlogi nyingine nikaishia kumwomba rafiki yangu ashangae mara ya pili, na alishangaa vibaya.

Kutoka sentensi kwenda shoti

Kwa kila sentensi niliruhusu shoti 7 hadi 10, na kila shoti sekunde 10. Jumla ni kama shoti 50, yaani dakika 8 au 9. Ukiongeza nikizungumza na kamera, pamoja na mazungumzo ambayo hayakatiki katikati, zinafika 19. Kikomo hiki ndicho kilichoniokoa, maana ukijua umebakiwa na shoti 3 za stendi huwezi kupiga kila daladala inayopita.

Sehemu iliyostahili nafasi kubwa ni sokoni Tukuyu, na hapo nilitumia utaratibu wa shoti 5 ambao wapiga picha wa habari wanautumia kwa kitu chochote kinachofanywa na mtu.

Ya kwanza ni mikono. Mama muuzaji alikuwa anabonyeza ndizi kwa kidole gumba akinionyesha ipi imekomaa. Nilisogea na simu mpaka mikono ikajaa fremu. Sikuvuta kwa zumu, maana zumu ya simu nyingi inaharibu ubora na kila mtikisiko unaonekana mara mbili. Ya pili ni uso wa mwenye mikono hiyo. Hizi mbili zikifuatana, mtazamaji anajiuliza swali na kujibiwa papo hapo: nini kinafanyika, na nani anakifanya. Ya tatu ni pana, yeye akiwa na lundo la mikungu, ili tujue tuko wapi. Ya nne inapita juu ya bega lake, tuone anachokiona yeye. Ya tano ni ya mahali ambapo hukutegemea kusimama. Mimi nilichutama nyuma ya mikungu nikampiga kupitia kwenye uwazi kati ya chane mbili.

Shoti 5 kwa sekunde 10 ni chini ya dakika moja, na ukihariri unaweza kuzipanga kwa namna nyingi bila kuonyesha kitu kimoja mara mbili.

Makosa yanayoharibu shoti hizi ni mawili. La kwanza ni kuzungusha simu kutafuta kitu, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Simama, chagua, washa, hesabu moja hadi 10 kimoyomoyo, zima. Acha watu ndio watembee ndani ya fremu. La pili ni kuwasha tendo likiwa limeshaanza na kuzima kabla halijaisha. Panga la kukata kikonyo likianguka, acha sekunde 2 zaidi. Usoni mwa mtu mara nyingi kitu kizuri kinakuja baada ya tendo, si wakati wa tendo.

Barabara nayo? Kilomita 70 zilipata shoti 4: mguu ukipanda ngazi ya kosta, mkono wa konda ukipokea nauli, ukungu dirishani tulipopita Isyonje, na mguu ukishuka Tukuyu. Kwenye vlogi ni sekunde 14. Hakuna aliyelalamika kwamba hakuona barabara.

Simu, baridi na mwanga wa kwetu

Sihitaji kukuuzia kifaa. Simu yangu ni ya kawaida, nina pawabenki ya kuazima, na badala ya stendi ya simu nilibeba kifuko cha kitambaa chenye maharage kama nusu kilo. Kiweke juu ya ukuta, kiti cha kosta au gunia la viazi, bonyeza simu juu yake, inatulia.

Weka video kwenye `1080p` na `30 fps`. Kwa simu nyingi dakika moja inakula kama MB 130, kwa hiyo dakika 19 zinahitaji GB 2.5 hivi. Ukienda kwenye `4K` utatumia karibu mara 3 ya hapo, na anayetazama kwa simu yake na bando la siku hataona tofauti. Amua pia mapema kama ni ya kulala au ya kusimama. Ya YouTube ilaze, na usichanganye.

Baridi ya huku ina hila yake. Ukisimama nje asubuhi ya Juni au Julai na simu mkononi, kioo cha lenzi kinapoa. Ukiingia kwenye kosta iliyojaa watu wanaopumua, unyevu unatua kwenye kioo kilekile. Kwenye skrini ndogo hutagundua. Picha inaonekana laini tu, na utadhani ni ukungu wa nje. Angalia taa yoyote ndani ya fremu: ikiwa na duara la mwanga linaloizunguka kama mwezi wa masika, lenzi imeingia mvuke. Futa kwa kitambaa cha pamba, na safari nyingine weka simu mfuko wa ndani, karibu na mwili, dakika chache kabla ya kupanda.

Sokoni tatizo ni mwanga. Muuzaji yuko chini ya bati, nyuma yake mbingu nyeupe. Simu inapima mbingu, na uso wa mama wa watu unakuwa kivuli. Zunguka wewe mpaka mbingu iwe nyuma yako, au bonyeza uso kwenye skrini na ushikilie mpaka mwanga ujifunge hapo. Jioni jikoni, kama ukiona mistari inapanda na kushuka kwenye picha chini ya taa, ni kwa sababu umeme wetu ni wa `50 Hz` na `30 fps` haiendani nao vizuri. Kama simu yako ina `25 fps`, hamia hapo kwa shoti za ndani tu.

Sauti, ambayo ndiyo inayofukuza watu

Picha ikitikisika kidogo mtu anavumilia. Akikosa kusikia anaondoka. Maiki ya waya ya kubana kwenye kola inatosha, na kama huna, tumia simu ya pili kama kinasa sauti: iweke mfuko wa shati, washa, kisha piga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri unalinganisha kofi la kwenye picha na kofi la kwenye sauti, umemaliza. Kwa upepo, vaa maiki kipande cha soksi ya sufu. Inachekesha kutazama lakini mngurumo unapungua.

Ndani ya kosta usizungumze. Injini, redio na wimbo wa dereva vitakushinda. Isitoshe, YouTube inautambua wimbo huo hata ukisikika kwa mbali, na mwenye haki anaweza kuchukua mapato ya video au kuizuia. Mimi nilipiga shoti zangu 4, sauti yake nikaizima yote. Badala yake nilisimama kando ya barabara pale Tukuyu, nikarekodi nusu dakika ya magari na bodaboda bila kusema neno. Nusu dakika hiyo nimeilaza chini ya maelezo yangu ya safari nzima.

Salamu kabla ya kamera

Simu ilikuwa mfukoni nilipomkaribia muuzaji.

"Shikamoo mama. Ugonile."

Akacheka, akanijibu Kinyakyusa kirefu ambacho sikukielewa, maana changu kinaishia kwenye salamu. Nikamwambia ukweli: natafuta ndizi za mbalaga, mama yangu atanirudisha nikikosea, na ningependa kupiga video akinifundisha nionyeshe mtandaoni.

"Utanitoa kwenye simu za watu, mwanangu?"

"Ukiruhusu, mama. Ukikataa nanunua tu."

Akaruhusu, ila jirani yake akageuza uso, kwa hiyo nilisimama upande ambao jirani haonekani. Bei tulielewana kabla ya kuwasha. Ukianza kupatana kamera ikiwa imewaka, mmoja wenu ataigiza, na bei haishuki. Watoto wakikusanyika, punga nao mkono, zima, subiri wachoke. Vituo vya ukaguzi, askari na majengo ya jeshi usivipige kabisa, hata kwa kupita. Drone iache: inahitaji kibali, na kwa hadithi ya mkungu mmoja haina kazi.

Mambo yalivyogeuka

Mvua haikuja. Nilikisia vibaya. Kikwazo kilichokuja ni kwamba niliuchagua mkungu mkubwa kwa tamaa, na hatua 30 kutoka sokoni nikashindwa kuubeba huku nimeshika simu. Nikaiweka simu juu ya kifuko cha maharage ukingoni mwa mtaro, nikaiacha ikiwaka, nikapita mbele yake nikiyumba. Ni shoti ya sekunde 12 na ndiyo watu wanaitaja. Konda naye hakugoma, aliupandisha juu ya keria, akauliza, "Kaka, hii harusi au msiba?" Swali hilo sikulirekodi. Nikalisimulia dakika ileile, nikiwa bado naangua kicheko, kwa kujipiga mwenyewe sekunde 15.

Hiyo ni kanuni ndogo ninayoishika: kitu kikikupita, usiombe kirudiwe. Kisimulie hapohapo, kabla sauti yako haijapoa.

Kwenye sentensi ya 5 nikafuta "mvua", nikaandika "lakini tamaa yangu ina uzito kuliko mimi". Ya 6 ikajiandika saa 10 na nusu, mama alipoubonyeza mkungu kwa kidole gumba, vilevile kama yule wa sokoni, na kusema, "Huu sawa."

Kuhariri kwa karatasi kwanza

Usiku uleule, kabla ya kulala, pitia kila kipande na ufute visivyofaa. Ukisubiri wiki utaanza kuvionea huruma. Mimi nilifuta 17.

Kisha usifungue programu ya kuhariri. Andika maelezo ya kusoma, ukifuata sentensi zako 6 kama zilivyobadilika. Kwa mwendo wa kuongea taratibu, maneno 100 na kitu yanachukua dakika moja. Vlogi ya dakika 6 inataka nusu yake iwe maelezo na nusu iwe watu na mazingira wakijisemea, kwa hiyo maneno 300 hadi 350 yanatosha. Futa kila sentensi inayotaja kitu ambacho tayari kinaonekana. Nilikuwa nimeandika "hapa ninapanda kosta" juu ya picha ya mguu wangu ukipanda kosta.

Soma ukiwa umejifunika blanketi kichwani, simu karibu na mdomo. Chumba cha tofali na bati kinarudisha sauti, blanketi linaimeza. Kisha ingiza sauti kwenye CapCut au programu uliyoizoea, ilaze yote kwanza, ndipo uweke picha juu yake. Ukianza na picha utajikuta unaongeza maneno ili picha nzuri zipate mahali pa kukaa.

Shoti nyingi zikae sekunde 3 hadi 5. Mikono ya muuzaji niliiacha sekunde 8 kwa sababu tulikuwa tunajifunza kitu. Mwanzo usiweke salamu wala nembo. Yangu inaanza na mama jikoni akisema hapiki ndizi za Mwanjelwa, na sekunde ya 12 tayari niko stendi nikitazama saa.

Video ya dakika 6 ya `1080p` ikitoka kwa kiwango cha kawaida ina MB 350 hadi 450. Jua hilo kabla ya kununua bando, na pandisha ukiwa umeshiba umeme.

Siku 4 baadaye fungua YouTube Studio uangalie mchoro unaoonyesha watazamaji wanabaki mpaka wapi. Wangu ulishuka ghafla mahali pamoja tu, dakika ya 2 na sekunde 40, ambapo nimesimama Tukuyu nikieleza hali ya hewa kwa sekunde 20 bila kufanya kitu. Shoti ya mtaroni mstari ulipanda, maana watu walirudi nyuma kuitazama tena.